Hamira ya Chenga, ya Papo Hapo na Mbichi: Ipi Inafaa kwa Mkate wa Pwani, na Jinsi ya Kujua Kama Ingali Hai

Hamira zote tatu zinazouzwa kwa ajili ya mkate ni kiumbe kimoja, kuvu mdogo asiyeonekana kwa macho anayeitwa kwa jina la kisayansi Saccharomyces cerevisiae, na zikiwa bado zina nguvu zake zote, mkate unaotokana nazo hautofautiani sana. Kwa hiyo mtu anayeoka Lamu au Malindi hana haja ya kuanza kwa kuuliza ni hamira ipi inayoumua vizuri zaidi. Swali lenye manufaa kwake ni ipi itakayofika jikoni mwake ingali hai, na ipi itakayobaki hai mpaka pakiti iishe, katika mji ambao joto la mchana hupita nyuzi 30 wakati wa kaskazi, hewa imejaa unyevu wa bahari, na umeme hukatika pasipo taarifa. Ulinganisho ufuatao umeandikwa kwa kufuata swali hilo.

Nitasema uamuzi wangu mapema ili msomaji aupime anapoendelea. Kwa anayeoka nyumbani mara moja au mbili kwa wiki, hamira ya papo hapo katika vipakiti vidogo ndiyo inayofaa. Kwa anayeoka kila siku na mwenye friza ya kutegemewa, hamira hiyo hiyo katika pakiti kubwa ya gramu 500 ina nafuu ya bei, mradi aigawe siku anapoifungua. Hamira ya chenga haina ubaya wowote, lakini inadai uangalifu wa maji ambao hamira ya papo hapo haiudai. Hamira mbichi naiachia tanuri la biashara linaloletewa mzigo kila wiki katika chombo chenye barafu.

Zinavyotofautiana

Tofauti kubwa ni maji. Hamira mbichi, ile inayouzwa kama kipande laini cha rangi ya maziwa mazito, ina maji kiasi cha asilimia 70. Seli zake hazikulala; zimepozwa tu, na ndiyo maana zinaanza kazi upesi zinapokutana na unga. Lakini kiumbe asiyelala huendelea kula akiba yake, na akiachwa katika joto la jikoni la pwani huimaliza, akafa, akaanza kuoza. Katika friji yenye nyuzi 0 hadi 4 kipande hiki hudumu wiki mbili, au tatu hivi, kikiwa kimefungwa vizuri; juu ya meza, katika joto la nyuzi 30, hali yake huanza kuharibika ndani ya siku moja au mbili. Tanuri la Malindi linaweza kuletewa hamira ya namna hii kutoka Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi, ikiwa ndani ya sanduku la barafu. Kuifikisha Lamu ni jambo jingine, kwa kuwa baada ya safari ndefu ya barabara bado mzigo unasubiri gati la Mokowe kabla ya kuvuka kwa mashua, na barafu iliyoyeyuka njiani haimwambii mnunuzi kwamba iliyeyuka.

Hamira ya chenga ni ile yenye punje za duara, kubwa kiasi cha kuonekana moja moja, za rangi ya udongo mkavu. Imekaushwa mpaka maji yake yakabaki chini ya asilimia 10, na namna ya kukaushwa kwake huua seli za nje za kila punje, ambazo hubaki kama ganda linalozifunika seli hai za ndani. Ganda hilo huzilinda seli kwa muda, lakini pia huzuia maji kuingia upesi. Ndiyo sababu hamira hii hulowekwa kwanza katika maji vuguvugu, ya nyuzi 38 hadi 43, kwa dakika 10 kabla ya kutiwa katika unga. Maji yakiwa baridi, utando wa seli huvuja kabla ya kujirekebisha, na vitu vilivyomo ndani hutoka na kuingia katika unga. Kimojawapo, kiitwacho glutathioni, hulegeza ule mnato wa ngano unaoshika hewa, hata donge likawa linateleza na kutandaa badala ya kusimama.

Hamira ya papo hapo ina punje nyembamba, ndogo kuliko mchanga mkubwa, na ukiitazama kwa makini utaona ni vijiti vifupi. Imekaushwa upesi na kwa upole zaidi, kwa hiyo seli zilizokufa ni chache na maji huingia mara moja. Viwanda vingi huongeza kiasi kidogo sana cha kilainishi, ambacho kwenye orodha ya viambato huandikwa E491, ili punje zisikauke kupita kiasi na ziweze kunywa maji vizuri. Huchanganywa na unga mkavu moja kwa moja, bila kulowekwa. Hufungwa katika pakiti iliyotolewa hewa, na pakiti ambayo haijafunguliwa huandikiwa muda wa miaka miwili hivi kutoka siku ya kutengenezwa.

Kuna watu wanaoshikilia kwamba hamira mbichi huupa mkate ladha ambayo hamira kavu haiwezi kuitoa. Mimi siamini hivyo. Matanuri yanayotumia hamira mbichi mara nyingi huuacha unga uumuke kwa muda mrefu zaidi, na ladha inayosifiwa hutokana na muda huo; ukiliacha donge la hamira ya papo hapo usiku kucha katika friji, ladha yake itakuwa hiyo hiyo.

Kubadilisha hamira moja kwa nyingine hakuhitaji hesabu ngumu. Kwa nusu kilo ya unga wa ngano, gramu 15 za hamira mbichi hufanya kazi ya gramu 6 za chenga au gramu 5 za papo hapo. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 3 hivi za hamira kavu ya aina yoyote, hivyo gramu 6 ni vijiko viwili, na gramu 5 ni kijiko kimoja na theluthi mbili. Kiasi hiki ni kidogo kuliko kile kinachoandikwa katika vitabu vingi vya upishi vya Ulaya, ambavyo hutaja gramu 7 za hamira kavu kwa unga huo huo kwa kuwa vimekusudiwa jikoni lenye nyuzi 20. Katika jikoni la Lamu lenye nyuzi 29 au 30, gramu 5 za hamira nzima huufanya unga wa boflo uongezeke mara mbili kwa muda wa saa moja hivi. Anayetia 7 atakuta donge limeumuka kupita kiasi, limeanza kushuka katikati, na mkate utakuwa na matundu makubwa na harufu ya ulevi.

Liko jambo moja ambalo hamira kavu ya kawaida hailiwezi vizuri, nalo ni sukari nyingi. Sukari ikizidi asilimia 10 ya uzito wa unga huyavuta maji kutoka katika seli na kuzipunguzia kasi. Mkate wa kawaida hauna sukari ya kiasi hicho, lakini mahamri yenye gramu 100 za sukari kwa nusu kilo ya unga yamefika asilimia 20. Kwa unga huo iko hamira ya papo hapo iliyoteuliwa kwa ajili ya vitu vitamu, na pakiti yake husema hivyo. Asiyeipata ataongeza hamira kidogo na kusubiri zaidi, akijua kwamba kuchelewa kwa mahamri yake hakuthibitishi kwamba hamira imekufa.

Kuipima hamira ya zamani

Jaribio linalojulikana na wengi ni la povu. Katika gilasi ya ujazo wa mililita 250 hutiwa mililita 120 za maji vuguvugu na kijiko kimoja cha chai cha sukari, ikakorogwa mpaka ikayeyuka, kisha hunyunyizwa vijiko viwili vya chai vya hamira ya chenga na kuachwa. Hamira iliyo hai huanza kutuma viputo juu ndani ya dakika tatu au nne. Kufikia dakika ya 10 huwa imejenga tabaka la povu zito, lenye viputo vidogo vilivyoshikana, na kilichokuwa nusu gilasi kimepanda karibu na ukingo. Povu hilo halitupwi: hamira na maji yake hutiwa katika unga, na mililita 120 hupunguzwa katika maji ya kukandia.

Jaribio hili ni rahisi, lakini katika mwambao wetu huharibiwa na maji kuliko na hamira. Yako maelekezo yanayosema kwamba maji vuguvugu hupatikana kwa kuchanganya kikombe kimoja cha maji yanayochemka na viwili vya maji baridi. Hesabu hiyo ni sahihi mahali ambapo maji ya bomba yana nyuzi 10 au 15, kwa kuwa matokeo yake huwa karibu na nyuzi 40. Maji ya tangi juu ya dari ya nyumba ya Lamu yana nyuzi 28 au 29 hata asubuhi, na kikombe kimoja kinachochemka pamoja na viwili vya maji hayo hutoa nyuzi zaidi ya 52. Hamira huanza kuumia kabla ya hapo, na ikikaribia nyuzi 60 hufa kabisa. Aliyepima kwa maji hayo ataona gilasi imetulia, ataitupa hamira iliyokuwa nzima, na atamlaumu mwenye duka. Kwa maji yetu, kipimo kinachofaa ni kikombe kimoja kinachochemka kwa vitano vya maji ya tangi, ambacho hutoa nyuzi 40 au 41. Asiye na kipimajoto ataingiza kidole kilichonawa na kukiacha humo huku akihesabu polepole mpaka kumi. Maji yanayofaa huhisiwa kuwa na joto kidogo tu kuliko mwili, na kidole hakitamani kutoka.

Yako mengine mawili yanayopotosha. La kwanza ni chumvi. Wengine hutia chumvi na sukari pamoja kwa mazoea ya kukanda, na chumvi hiyo huichelewesha hamira kiasi cha kuifanya ionekane dhaifu. Katika gilasi ya kupimia chumvi haina nafasi. La pili ni hamira ya papo hapo yenyewe, ambayo haikutengenezwa kwa kulowekwa na ambayo mara nyingine hutoa povu jembamba kuliko chenga, ingawa ina nguvu zote. Viputo vikubwa vichache vinavyopasuka mara tu baada ya kukoroga havihesabiwi upande wowote, kwa kuwa ni hewa ya kijiko.

Upungufu mkubwa zaidi wa jaribio la povu ni kwamba linajibu swali moja tu: zipo seli zilizo hai au hazipo. Hamira iliyopoteza nusu ya seli zake bado itatoa povu katika maji ya sukari, maana sukari hiyo ni chakula kilicho tayari na hakuna uzito wa kuinua. Mwokaji atafurahi, atakanda, na baada ya saa moja na nusu donge litakuwa limepanda nusu tu ya kiasi alichokitarajia. Kwa hamira ambayo imekaa wazi kwa miezi kadhaa ninapendelea jaribio la pili, ambalo hufanywa kwa unga wenyewe.

Chukua chupa mbili za jamu zinazolingana, zenye pande zilizonyooka, za ujazo wa nusu lita. Pima gramu 100 za unga wa ngano kwa kila moja, mililita 62 za maji ya kawaida ya bomba, na nusu kijiko cha chai cha hamira ya papo hapo, yaani gramu moja na nusu. Usitie sukari wala chumvi. Unga una sukari yake inayotolewa na wanga, na kazi ya kuipata hiyo ndiyo kazi ya mkate. Katika chupa ya kwanza tia hamira ya zamani, na katika ya pili hamira mpya ya kipakiti cha gramu 10 hivi kilichofunguliwa wakati huo huo. Kanda kila donge kwa dakika tatu, libonyeze ndani ya chupa mpaka lilingane juu, funga mpira mwembamba kwenye usawa wake, funika, na weka chupa zote mbili mahali pamoja ili joto lisizitofautishe. Kisha tazama kila moja inachukua muda gani kufika urefu wa mara mbili.

Tuseme ni alasiri ya Februari, jikoni lina nyuzi 30, na hamira ya zamani ni nusu ya pakiti kubwa iliyofunguliwa kabla ya Ramadhani ya mwaka uliopita, ikafungwa kwa mpira na kuwekwa kabatini. Donge la hamira mpya linafika mara mbili baada ya dakika 50. Donge la zamani linafika baada ya dakika 75. Gawanya 75 kwa 50 na utapata moja na nusu, na hicho ndicho kipimo cha udhaifu wake. Mkate uliokuwa unahitaji gramu 5 za hamira nzima sasa utahitaji gramu 7 na nusu za hii, yaani vijiko viwili na nusu, ili uumuke kwa muda ule ule. Mwenye subira anaweza kuacha gramu zibaki 5 na kuongeza muda kwa nusu, na mkate wake hautakuwa na kasoro. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa hiyo macho ndiyo yatakayoamua donge likiwa tayari. Inamwokoa mtu asibahatishe tu.

Kufidia kuna mpaka wake. Hamira iliyochukua zaidi ya mara mbili ya muda wa hamira mpya, yaani imepita saa moja na dakika 40 katika mfano wetu, haifai tena kwa mkate hata kama ingali na uhai. Kuifidia kunamaanisha kutia hamira maradufu au zaidi, ambayo nusu yake au zaidi ni seli zilizokufa, na seli zilizokufa hutoa ile glutathioni inayolegeza unga. Dalili yake huonekana katika donge: linanata mikononi ingawa maji hayakuzidi, halishiki umbo la boflo, na mkate uliooka huwa bapa, wenye harufu nzito ya hamira. Hamira ya namna hiyo itupwe. Bei ya kipakiti kipya ni ndogo kuliko ya nusu kilo ya unga na mkaa uliochomwa.

Hamira mbichi haihitaji chupa mbili, kwa kuwa hujieleza kwa macho na pua. Kipande kizima kina rangi moja ya maziwa au kijivu hafifu, hukatika kwa kuvunjika badala ya kuvutika, na kina harufu ya unga ulioumuka yenye uchachu kidogo. Ukingo uliokauka na kugeuka rangi ya kahawia unaweza kukatwa na sehemu ya ndani ikatumiwa. Kilicholainika kikawa kama gundi, chenye harufu ya kitu kilichooza au chenye ukungu wa rangi yoyote, hakipimwi.

Kuihifadhi mahali penye joto na unyevu

Tarehe iliyo kwenye pakiti ina maana kwa pakiti ambayo haijafunguliwa na iliyokaa mahali pakavu pasipo joto kali. Haihesabu majuma ambayo katoni ilikaa juani gatini, wala miezi iliyokaa kwenye rafu ya juu ya duka lenye paa la bati. Kwa hamira ya papo hapo upo uchunguzi mmoja unaofanyika dukani pasipo kufungua chochote: ibonyeze pakiti. Pakiti iliyotolewa hewa ni ngumu kama tofali. Ikiwa laini na punje zinacheza ndani, hewa imekwisha kuingia, na tarehe iliyoandikwa haina kazi tena. Hamira ya chenga mara nyingi hufungwa katika kopo au kipakiti ambacho hakikutolewa hewa kwa namna hiyo, kwa hiyo kwake uchunguzi huu hausaidii, na hiyo ni sababu nyingine ya mimi kuiweka nyuma ya papo hapo kwa mtu wa pwani. Mnunuzi anaweza pia kuchagua duka ambalo bidhaa hiyo hutoka upesi, hata kama ni la mbali kidogo.

Mara pakiti inapofunguliwa, adui wa kwanza wa hamira kavu ni unyevu. Punje hunyonya maji yaliyomo hewani, seli huamka nusu, hutumia akiba yake pasipo kupata chakula, kisha hufa. Joto huharakisha yote haya, na hewa ya baharini huyafanya yatokee Lamu mapema kuliko sehemu kavu za bara. Kufunga mdomo wa pakiti kwa mpira hakuzuii unyevu. Kinachozuia ni chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, iliyokaushwa kabisa kabla ya kutiwa hamira, na iliyojaa karibu mpaka juu ili hewa inayobaki ndani iwe kidogo.

Chupa hiyo iwekwe wapi? Ikiwa hamira itakwisha ndani ya miezi mitatu au minne, friji inatosha. Ikiwa itakaa zaidi, iwekwe katika friza, ambako inaweza kubaki na nguvu kwa miezi sita na kuendelea. Wengi huogopa friza kwa kudhani kwamba baridi kali huua hamira, na hofu hiyo ni ya haki kwa hamira mbichi tu. Maji yake mengi hugeuka barafu, na ncha za barafu hupasua seli. Hamira kavu haina maji ya kutosha kutengeneza barafu ya namna hiyo, kwa hiyo baridi huilaza tu.

Tatizo la kweli la friza katika miji yetu hutokea wakati wa kuitoa. Chupa ya baridi ikifunguliwa katika jikoni lenye unyevu, hewa ya joto huingia na unyevu wake hugeuka matone ndani ya kioo na juu ya hamira, kama yanavyotiririka nje ya gilasi ya maji ya barafu. Anayeifungua kila wiki anaitilia maji kila wiki, na kwa mtindo huo hata chupa bora kabisa itaua hamira polepole. Dawa yake ni kuigawa siku ya kwanza. Pakiti ya gramu 500 hutiwa katika vichupa vidogo, kila kimoja kikiwa na hamira ya matumizi ya wiki mbili au tatu. Vingine vyote hukaa frizani bila kuguswa, na kimoja hukaa katika friji kwa matumizi ya sasa. Kinapotolewa frizani huachwa kimefungwa mpaka kioo kipate joto la jikoni na jasho la nje likauke, ndipo hufunguliwa. Andika juu yake mwezi kilipojazwa, kwa kuwa hamira ya miezi minane na ya mwezi mmoja zinafanana kabisa kwa rangi.

Hamira ya papo hapo iliyotoka kwenye friji inaweza kuchanganywa na unga pasipo kusubiri ipate joto, kwa sababu gramu 5 ndani ya nusu kilo ya unga wenye nyuzi 29 hupata joto mara moja. Lakini wako wanaokandia kwa maji ya friji wakati wa kaskazi ili donge lisiumuke haraka mno, na njia hiyo ni nzuri kwa mkate wa kulala. Hao wasiidondoshe hamira ndani ya maji hayo ya baridi, maana yataivujisha kama yanavyoivujisha chenga. Waichanganye kwanza na unga mkavu, au wachanganye unga na maji kwanza mpaka vishikane, kisha waikandie humo.

Umeme ukikatika, hamira kavu haina cha kuogopa kwa saa kadhaa wala kwa siku moja, mradi vichupa havifunguliwi. Friza iliyojaa na ambayo mlango wake haukufunguliwa hushika baridi kwa saa 48 hivi, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Hata baada ya hapo, hamira kavu iliyofungwa vizuri ikipata joto la jikoni kwa siku mbili na kurudishwa frizani haipotezi nguvu ya kuonekana katika mkate. Hamira mbichi haina ustahimilivu huo. Anayelazimika kuigandisha, pengine kwa kuwa amenunua kipande kikubwa kuliko mahitaji yake, aikate vipande vya gramu 15, afunge kila kimoja peke yake, avitumie ndani ya mwezi mmoja, na ayeyushe kila kipande katika friji usiku mmoja kabla ya kukanda, akitegemea kwamba atahitaji kuongeza kidogo. Kikiyeyuka umeme ulipokatika, kitumiwe siku hiyo hiyo na kisigandishwe tena, kwa kuwa barafu ya pili hupasua seli ambazo barafu ya kwanza iliziacha.